Mota inachelewa kufika mwendo na ovalodi inakata: pima muda wa kupanda na wa kusimama kabla ya kubadilisha kitu

Mwezi wa mavuno ya mahindi nilipigiwa simu na mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga pembeni ya barabara ya Himo, upande wa Moshi. Mashine niliifunga mimi mwenyewe: mota ya kilowati 15, mwendo wa 1460 kwa dakika, paneli ya sta-delta, inayowasha mota kwa torki na mkondo mdogo kwenye sta kisha kuihamishia delta, na mashine ya nyundo inayozungushwa kwa mikanda. Sasa asubuhi inawaka kwa shida, na jioni ovalodi, kinga ya mota dhidi ya mkondo uliozidi, inakata kabla mota haijatulia. Fundi mwingine alikuwa ameshapita. Alibadilisha beringi, na tatizo likabaki pale pale. Ovalodi mpya ilikuwa imeshanunuliwa, bado imo kwenye boksi lake.

Nilipofika sikugusa bisibisi. Nilifungua mlango wa paneli na kusoma maandishi yangu ya kalamu ya wino mzito: «kupanda sek 10, kusimama sek 64». Kila mota ninayofunga naiandikia namba hizo mbili siku ya kwanza. Ya kwanza ni muda wa kutoka kusimama hadi mwendo kamili. Ya pili ni muda wa kuzunguka bure tangu umeme ukatwe hadi mashine isimame kabisa. Ukiwa nazo, nusu ya kazi ya kutafuta kosa imeisha, na nitaeleza kwa nini.

Kinachoamua muda wa kupanda

Mota inapowaka inatoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Sehemu ya torki hiyo inaliwa na mzigo: msuguano wa beringi, mikanda, na upepo unaopigwa na nyundo. Inayobaki ndiyo torki ya ziada, na ni hiyo peke yake inayoongeza mwendo. Inachosukuma ni inesha ya vyote vinavyozunguka, yaani ule ukaidi wa kitu kizito kukataa kubadilisha mwendo.

```
t = J × ω / (Tm − Tz)

J  = inesha ya jumla, kg·m²
ω  = mwendo kamili, rad/s  (1460 kwa dakika ≈ 153)
Tm = torki ya mota, wastani wa safari nzima, N·m
Tz = torki ya mzigo, wastani, N·m
```

Mashine ikizunguka bure baada ya kuzimwa, Tm ni sifuri. Kinachoipunguza mwendo ni Tz peke yake, kwa hiyo muda wa kusimama ni J × ω / Tz. Inesha ni ile ile, mzigo ni ule ule, ila mota haimo. Hapo ndipo vipimo hivi viwili vya muda vinapotenganisha makosa matatu ambayo kwa macho yanafanana.

Muda wa kupanda ukiongezeka na wa kusimama ukapungua, msuguano umezidi: beringi imekufa, mikanda imekazwa mno, au nafaka imebaki ndani. Muda wa kupanda ukiongezeka na wa kusimama ukabaki vile vile, shida iko kwa mota au umeme unaoifikia. Vyote viwili vikiongezeka, inesha imekua. Mtu ameongeza uzito mahali, au amebadilisha puli.

Namna ya kupima bila kujidanganya

Mlango wa nafaka ufungwe na chumba cha kusagia kiwe kitupu. Taima ya sta-delta isogezwe hadi mwisho, mfano sekunde 30, ili mota imalize safari yote ikiwa kwenye sta. Ukiiacha kwenye sekunde 10 utakuwa unapima taima, si mota. Fanya hivi mara moja tu ikiwa kila kitu ni cha baridi, kisha urudishe taima ilipokuwa.

Weka klampu mita kwenye waya mmoja wa fezi. Mota hii ikianza kwenye sta huvuta kama ampia 63. Mkondo hubaki juu karibu safari yote, halafu hushuka ghafla mota inapokaribia mwendo wake. Wakati wa kushuka huko ndio mwisho wa kupanda. Sikio nalo husaidia, ila wakati wa mavuno kelele za pale ni nyingi na klampu haisikii kelele.

Kwa muda wa kusimama, zima na uhesabu hadi puli isimame kabisa. Usifungue mlango wa mashine kabla. Nyundo ambazo zimekaa dakika nzima zikizunguka bila umeme zinaonekana zimelala, kumbe bado zinakata vidole.

Volti zipimwe kwenye vituo vya mota na wakati inawaka. Volti za mota iliyozimwa hazina habari ninayoitaka.

Asubuhi ile nilipata hivi: kupanda sekunde 15, kusimama sekunde 72, volti 398 wakati wa kuanza. Nikamwambia mzee kwamba beringi zake za zamani hazikuwa na kosa. Muda wa kusimama ulikuwa umeongezeka kutoka 64, na msuguano ukizidi hauwezi kufanya hivyo. Nikamuuliza ni nini kimebadilishwa.

«Hakuna kilichobadilishwa, fundi.»

Nikazunguka nyuma. Puli ya mota ilikuwa mpya, inang'aa.

«Aa, hiyo. Hiyo ni puli tu. Niliambiwa itaongeza magunia.»

Kwa nini puli tu inatosha

Mwanzoni mota ilikuwa na puli ya inchi 8 na mashine ya inchi 5. Uwiano wake ni 1.6, kwa hiyo mashine ilizunguka mara 2336 kwa dakika. Sasa mota ina puli ya inchi 10. Uwiano ni 2, na mashine inakwenda 2920. Nyundo ni zile zile, shafti ni ile ile, hakuna hata kilo moja iliyoongezwa upande wa mashine. Lakini mota haihisi inesha ya mashine ilivyo. Inaihisi ikiwa imezidishwa kwa mraba wa uwiano wa mwendo:

```
J = J_mota + J_mashine × (n_mashine / n_mota)²
```

Inesha ya mashine yenyewe nilishaikadiria nilipoifunga. Visahani vinne vya chuma vya kipenyo cha milimita 300 na unene wa milimita 8 vina kilo 4.4 kila kimoja, na vyote pamoja vinatoa 0.20 kg·m². Nyundo ni 24, kila moja gramu 900, na katikati yake hukaa mita 0.21 kutoka kwenye shafti: 21.6 × 0.21² = 0.95. Pini na puli ndogo ni kama 0.10. Jumla ni 1.25. Shafti sikuihesabu kabisa, maana uzito wake uko katikati na katikati hapana mkono wa kuupa uzito nguvu. Angalia pia nyundo zilivyobeba robo tatu ya jumla yote. Ndiyo maana fundi chuma akikutengenezea nyundo nene kwa springi za gari ili zidumu, zipime kwenye mizani kabla ya kuzifunga. Gramu 400 za ziada kwa kila nyundo zingeongeza hapa 0.42, yaani theluthi ya inesha ya mashine.

Upande wa mota, rota na puli ya zamani ni kama 0.15, na kwa puli mpya ni 0.20. Basi:

```
Zamani: 0.15 + 1.25 × 1.6² = 3.35 kg·m²
Sasa:   0.20 + 1.25 × 2.0² = 5.20 kg·m²
```

Puli ya inchi mbili zaidi imeongeza inesha kwa zaidi ya nusu. Mzigo nao unapanda kidogo kwa sababu upepo wa nyundo ni mkali zaidi, lakini si kwa kiasi hicho, na ndiyo maana muda wa kusimama ulikua. Kutoka kwenye muda huo huo mzigo unajulikana: 5.20 × 153 / 72 ni kama 11 N·m. Kwa namba za zamani, 3.35 × 153 / 64 ni 8 N·m. Hukuhitaji chombo chochote zaidi ya saa ya simu.

Sasa torki ya mota. Kilowati 15 kwa mwendo wa 1460 ni torki ya kawaida ya 98 N·m. Katalogi ya mota hii inaonyesha wastani wa kama mara mbili ya hiyo katika kupanda ikiwa kwenye delta, yaani 196. Kwenye sta inabaki theluthi moja, 65. Toa 11, ziada ni 54, na 5.20 × 153 / 54 ni sekunde 15. Ndicho nilichokipata kwa saa. Kwa puli ya zamani: 3.35 × 153 / 57, sekunde 9, na maandishi yangu ya mlangoni yalisema 10.

Jioni ni kosa jingine juu ya lile

Saa 12 jioni tulirudia. Kusimama: sekunde 72, bila mabadiliko. Kupanda: sekunde 19. Volti wakati wa kuanza: 360.

Saa ya kusimama haikutikisika, kwa hiyo mashine yenyewe ni ile ya asubuhi. Kilichobadilika ni umeme. Laini ile ni ndefu, kuna wachomeleaji wawili njiani, na jioni kila nyumba ina taa na jiko. Torki ya mota hushuka kwa mraba wa volti. 360 kwa 400 ni 0.9, mraba wake 0.81, na 65 inakuwa 53.

Watu wengi huishia hapo na kusema torki imepungua asilimia 19, basi muda utaongezeka kiasi hicho hicho. Si hivyo. Mzigo haujui habari za volti, bado unadai 11 zake. Ziada inashuka kutoka 54 hadi 42, na muda unapanda kwa zaidi ya robo. Kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa kwenye hesabu hii, ndivyo kushuka kidogo kwa volti kunavyouma zaidi. Mota ya feni kubwa au ya pampu iliyoachiwa vali wazi inaweza kufika mahali ambapo ziada ni sifuri kabla ya mwendo kamili. Hapo muda hauna mwisho: mota inaning'inia kwenye mwendo wa kati, inanguruma, mkondo haushuki. Ukikuta hali hiyo kwenye mashine ya kusaga, angalia kwanza kama kuna nafaka iliyobaki ndani tangu umeme ulipokatika.

Usichanganye hali hiyo na fezi iliyokatika. Mota iliyopoteza fezi moja kabla ya kuwashwa haipandi hata kidogo, inatoa mlio na kutetemeka mahali pamoja. Klampu kwenye waya zote tatu inakujibu kwa sekunde mbili, na sekunde mbili ndizo pekee unazoruhusiwa.

Wastani nilioutumia unatosha kwa kazi ya uwanjani, ila una mpaka wake. Torki ya mota huanza vizuri, huzama kidogo katikati, halafu hupanda karibu na mwisho. Nikiigawa safari ya jioni sehemu tatu kwa mkunjo wa katalogi, ziada ya katikati inakuwa ndogo kuliko ya mwanzo na ya mwisho. Pale katikati penye ziada ndogo ndipo muda unapoliwa, kwa hiyo ukiona hesabu ya wastani inatoa muda mfupi kuliko saa yako, gawanya safari kabla ya kuilaumu mota.

Ovalodi ilikuwa sahihi

Taima ilikuwa kwenye sekunde 10, kama nilivyoiacha. Kwa puli ya zamani zilitosha. Sasa jioni sekunde 10 ni nusu ya safari tu: mota ikiwa kwenye mwendo wa kama 770, paneli inahamia delta. Kwenye mwendo huo delta huvuta karibu sawa na mota iliyowashwa moja kwa moja, ampia 150 na zaidi kwenye laini, na volti zinazama tena. Kile kishindo ambacho mzee alisema «mota inapiga chafya» kilikuwa hicho.

Ovalodi yenyewe ipo kwenye waya za vilima vya mota, ndani ya delta, kwa hiyo imewekwa ampia 17, yaani 0.58 ya ampia 29 za kibao cha mota. Hili wengi hulikosea. Ovalodi ikiwa kwenye laini kabla ya kontakta zote, iwekwe 29. Ikiwa ndani ya delta, iwekwe 17. Ukiikuta ndani ya delta imewekwa 29, mota haina ulinzi hata kama haikati kamwe.

Kwenye sta jioni zinapita ampia 57 ndani ya ovalodi ya 17, zaidi ya mara tatu. Hii ni ya daraja la 10, yaani ikipewa mara 7.2 ya ampia ilizowekwa ikiwa ya baridi, inakata kati ya sekunde 4 na 10. Kwa mara tatu na ushee inavumilia zaidi, lakini sekunde 19 ziko ukingoni, na ikiwa bado na joto la kuwashwa kwa mwanzo, haina akiba. Ndiyo maana mara ya kwanza ilipita na mara ya pili ikakata. Nilijaribu kusogeza taima hadi sekunde 20. Kishindo kiliisha, na jioni iliyofuata, mara ya pili ya kuwasha, ikakata vile vile.

Mzee alitaka nizungushe kitufe cha ovalodi hadi 22, yaishe. Nilikataa. Joto linaloingia kwenye rota wakati wa kupanda ni angalau sawa na nguvu ya mwendo inayowekwa kwenye vitu vinavyozunguka, nusu ya J × ω². Ilikuwa kilojuli 39, sasa ni 61, kila unapowasha. Ukianzisha kwa sta au kwa delta, kwa haraka au polepole, kiasi hicho hakipungui. Kinaongezeka tu pale mzigo unapokula sehemu kubwa ya torki. Ovalodi ya 22 ingeruhusu rota ipokee hizo 61 mara nne kwa saa, halafu vilima viendelee kubeba mkondo uliozidi wakati wa kusaga. Ovalodi ya daraja la 20 ni dawa halali kwa mzigo wenye inesha kubwa, lakini kwanza soma katalogi ya mota inavumilia sekunde ngapi rota ikiwa imekwama, ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Ovalodi inayovumilia kuliko mota inaishia kulinda waya peke yake.

Tulichofanya

Nilimuuliza kwa nini alitaka mwendo zaidi. Unga ulikuwa mkubwa, akasema, wateja wanalalamika, na magunia yalikuwa machache. Unga mkubwa dawa yake ya kwanza ni chekeche, na chekeche lake lilikuwa limechakaa, matundu mengine yamepasuka na kuungana. Tulirudisha puli ya inchi 8, tukaweka chekeche jipya lenye matundu madogo, tukageuza nyundo upande ambao haujalika. Hesabu ya jioni kwa volti 360: 3.35 × 153 / 45, sekunde 11.4. Saa ilisema 12. Taima nikaiweka 13, ovalodi ikabaki 17, na ile mpya ikarudi dukani.

Kabla sijaondoka akauliza kama angeweza kupata ya kati, puli ya inchi 9. Nikaihesabu pale pale nyuma ya risiti: uwiano 1.8, inesha 4.2, jioni kama sekunde 15. Inawezekana, nikamwambia, kwa masharti ya kuwasha mara moja na kusubiri ovalodi ipoe kabla ya kurudia, na taima isogezwe hadi 16. Umeme ukikatika na kurudi mara tatu jioni moja, atakuwa amekaa kwenye foleni na wateja wake.

Akaikunja ile risiti akaitia mfukoni. Mlangoni nikaandika «kupanda sek 10 asubuhi, 12 jioni, kusimama sek 64», na chini yake, «puli inchi 8».